Mzula kwa Majuma Sita

Juni na Julai ni miezi ambayo mtu wa Njombe au Makete hatoki alfajiri bila kitu kichwani. Mzula unapatikana sokoni, tena kwa bei ya kawaida, lakini wapo wanaotaka kuufuma wenyewe, na kwa kawaida mtu wa kwanza wanayemwendea huwaambia waanze na skafu. Ushauri huo una kasoro. Skafu ni ndefu, inachosha, na ikishakwisha mfumaji anajua jambo moja tu: kwenda na kurudi. Mzula ni kazi fupi, na ndani yake zimo karibu stadi zote za msingi.

Kozi ya majuma sita, saa mbili kila juma pamoja na kazi ya nyumbani, inatosha kumfikisha mtu hapo, mradi mwalimu aipange kwa kuanzia mwisho. Anajiuliza mzula unadai nini, kisha anarudi nyuma stadi kwa stadi hadi siku ya kwanza.

Vifaa ni vichache: sindano mbili ndefu za milimita 5, uzi wa sweta wa unene wa kati, futikamba, mkasi na sindano butu yenye tundu kubwa. Rangi iwe moja na iwe nyepesi. Uzi mweusi huficha vitanzi, na anayeanza anahitaji kuviona. Watoto wa nyanda za juu wamefuma miaka mingi kwa spoku za baiskeli, na kazi zao huvutia, ila spoku ni nyembamba mno kwa uzi huu. Kitambaa hutoka kigumu na mkono huchoka.

Juma la kwanza lina mambo matatu: kuanzisha vitanzi, kufuma wazi na kufunga. Njia za kuanzisha ni nyingi, lakini inayomfaa mgeni ni ile ya kufuma kitanzi kipya kutoka kwenye kitanzi kilichopo na kukirudisha kwenye sindano ya kushoto. Sababu ni nyepesi: mwendo wa mkono ni uleule wa kufuma wazi. Sindano ya kulia inaingia kwenye kitanzi kutoka mbele kwenda nyuma, uzi unazungushwa kwenye ncha yake, kitanzi kipya kinavutwa mbele, na cha zamani kinaachiwa. Akishaanzisha vitanzi 20, mwanafunzi ameufanya mwendo huo karibu mara 20 kabla hata hajaambiwa kwamba sasa anafuma.

Halafu ndipo matatizo yanapoanza. Baada ya mistari kumi hivi, mmoja atainua mkono: “Mwalimu, vyangu vimekuwa 24!” Vitanzi havizaliani vyenyewe. Mara nyingi chanzo ni mwanzo wa mstari, ambapo uzi umerushwa juu ya sindano badala ya kuning’inia chini yake nyuma. Kitanzi cha kwanza hunyanyuka, miguu yake miwili ikaonekana kama vitanzi viwili, na mwanafunzi akaifuma yote miwili. Kama nyongeza iko katikati, na chini yake pana tundu, basi uzi uliachwa upande wa mbele wakati wa kufuma wazi. Kuhesabu kila mwisho wa mstari humaliza ubishi.

Juma la pili ni la kufuma kinyume: uzi unakaa mbele, sindano inaingia kutoka nyuma kuja mbele. Mstari mmoja wazi, mmoja kinyume, na kitambaa kinapata uso laini wenye alama za V upande mmoja na vinundu upande wa pili. Kingo zake hujikunja, na wanafunzi hudhani wameharibu. Hawajaharibu, ndivyo kitambaa cha aina hiyo kilivyo. La muhimu siku hiyo ni kusoma: V ni kitanzi kilichofumwa wazi, kinundu ni kinyume.

Usomaji huo unahitajika mara moja juma la tatu, kwenye ukingo wa kuvutika unaoshika kichwa. Hapa vinafumwa vitanzi viwili wazi, viwili kinyume, na uzi unapitishwa katikati ya sindano kila wanapobadili. Wanarudia pia kuanzisha, safari hii kwa njia ya mkia mrefu, ambayo ukingo wake unanyumbuka zaidi. Ili kujua mkia uwe na urefu gani, uzi unazungushwa kwenye sindano mara 10; huo ndio urefu wa vitanzi 10. Nyumbani wanafuma kipande cha majaribio cha vitanzi 30, laini, na kukiosha.

Kipande hicho ndicho kiini cha juma la nne, somo ambalo walimu wengi huliruka na ambalo halifai kurukwa. Kinalazwa mezani bila kuvutwa, kisha vitanzi vya sentimita 10 vinahesabiwa katikati, mbali na kingo. Tuseme ni 18, yaani 1.8 kwa sentimita. Kichwa cha mtu mzima kikiwa na mzunguko wa sentimita 56, mzula unapunguzwa kama sehemu moja ya kumi ili ubane kidogo: sentimita 50. Zidisha kwa 1.8, unapata 90. Utosi utagawanywa mara 8, kwa hiyo vinachukuliwa 88, kisha vinaongezwa 2 vya mshono. Jibu linarudi kuwa 90. Lakini aliyekaza mkono akapata 20 kwa sentimita 10, naye akaanzisha 90 hizohizo, atatoka na mzula wa sentimita 44 baada ya kushona. Huo ni wa mtoto.

Kazi inaanzishwa siku hiyohiyo, kwa sababu mzula mzima una vitanzi kama 3,800. Anayefuma vitanzi 15 kwa dakika atahitaji zaidi ya saa nne, na darasani muda huo haupo. Ukingo ni sentimita 5, kisha uso laini hadi kimo kifike 13.

Juma la tano ni la kuendelea na kutibu. Kitanzi kikianguka hushuka mstari baada ya mstari na kuacha ngazi. Kulabu ya krosheti hukipandisha kwa kuvuta kila kipago kupitia kitanzi kilicho chini yake. Mwalimu mzuri hukiangusha chake makusudi, darasa zima likiangalia.

Juma la mwisho ni la utosi. Kitanzi kimoja cha pembeni, kisha 9 wazi na viwili pamoja, mara 8, kisha kimoja cha pembeni. Mstari wa kurudi ni kinyume mtupu. Mstari wa upungufu unaofuata una 8 wazi kabla ya viwili pamoja, kisha 7, hivyo hivyo. Kila mara vinapungua 8, na baada ya mara 10 vimebaki 10. Hazidishwi mtu anayeona hesabu haitimii: anarudi mstari mmoja, hapigi mbele.

Uzi unakatwa kwa urefu wa mkono, unapitishwa kwenye vitanzi vyote 10 na kuvutwa hadi tundu lifunge. Uzi huohuo ndio unaoshona ubavu, uso mzuri ukiwa juu: sindano butu inaokota kipago kimoja kati ya kitanzi cha kwanza na cha pili upande huu, kisha kimoja upande wa pili. Kila upande unameza kitanzi kimoja, na ukingo wa wawili-wawili unakutana bila kukatika. Mikia inafichwa kwa ndani. Kama uzi ni wa akriliki, pasi ya moto isiuguse, maana huulegeza moja kwa moja. Unaoshwa kwa maji ya vuguvugu na kukaushwa ukiwa umelazwa.