Nyumba Iliyobaki na Watoto Peke Yao

Mtaa ukisikia kwamba watoto fulani wamefiwa na wazazi wote wawili na sasa wakaa peke yao, kwa kawaida hupeleka unga na mchele, na baada ya arubaini kila mtu hurudi kwake. Chakula ni haki yao, lakini nyumba ya namna hii haivunjiki kwa njaa pekee. Huvunjika kwa kukosa mtu mzima mwenye dhamana.

Tuchukue mfano wa nyumba moja ya Mbagala, wilaya ya Temeke. Mfano huu tumeukusanya katika mambo tunayoyaona kwa wanafunzi wa chuoni. Baba alikufa miaka miwili iliyopita, na mama miezi minne, kwa maradhi ya kifua. Wamebaki msichana wa miaka 16, mvulana wa miaka 12 na mdogo wao wa kike wa miaka 7. Nyumba ni ya marehemu baba, nayo ina chumba kimoja cha mpangaji alipaye shilingi 40,000 kwa mwezi.

Kabla ya kutoa msaada hapana budi kuuliza, na kuuliza kuna adabu yake. Watoto hawa hukaa kimya kwa hofu ya kutenganishwa. Ukimwuliza mkubwa mbele ya majirani, "Mmekula?" atajibu, "Tumekula." Basi aulizwe faraghani na mwanamke anayemwamini: jana usiku mmepika nini, nani hupokea kodi, ufunguo anao nani, nani huingia humu usiku? Wadogo nao waulizwe mbali naye, kisha daftari za mahudhurio za shule na za chuo zitazamwe.

Katika nyumba yetu yalidhihirika mambo manne. Mkubwa ameacha kidato cha pili ili akaange vitumbua alfajiri. Mvulana hubeba mizigo sokoni Rangi Tatu. Mdogo akohoa kwa wiki tatu. Na ami yao amekwisha kuanza kupokea kodi, tena asema nyumba itauzwa. Kwa nje nyumba hii yaonekana haina chakula. Kwa ndani, kodi ambayo ingenunua chakula hicho yachukuliwa na mtu mwingine.

Hatua ya kwanza ni ya wiki moja. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa na afisa wa ustawi wa jamii waarifiwe. Na ikiwa kuna mtu anayewadhuru watoto, ipigwe simu ya huduma ya mtoto, namba 116. Mdogo apelekwe kituo cha afya kupimwa kifua kikuu, na ndugu zake wapimwe pia, kwa kuwa walilala chumba kimoja na mgonjwa. Usiku alale nao mwanamke mtu mzima anayejulikana. Mwanamume mgeni aletaye zawadi kwa msichana, au mchumba atokeaye kwa haraka, ni alama ya hatari.

Hatua ya pili ni ya miezi mitatu, nayo ni ya karatasi. Vyeti vya vifo vya wazazi na vya kuzaliwa watoto vitafutwe kwa RITA. Kisha Mahakama ya Mwanzo iombwe kuteua msimamizi wa mirathi. Msichana wa miaka 16 hawezi, kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamhesabu kuwa mtoto mpaka atimize miaka 18. Ami asiachiwe kwa kuwa ni ami tu. Jamaa wakutane wachague mwaminifu, kwa mfano mama mdogo, na mwenye pingamizi aseme mahakamani. Msimamizi si mwenye mali. Hesabu ya kodi iandikwe na kuonyeshwa, kama tunavyofundishwa katika Sura ya An-Nisaa kwamba mali ya yatima hukabidhiwa mbele ya mashahidi.

Hatua ya tatu ni ya mwaka mzima. Mlezi apatikane kwa njia ya ustawi wa jamii, ahamie kwao, ili wasigawanywe kila mmoja nyumba yake. Mkubwa arudi shule: ada ya sekondari iliondolewa mwaka 2016, lakini sare, daftari na nauli zabaki, na hapo ndipo zaka yafaa itengwe kila mwezi kuliko furushi moja la Ramadhani. Vitumbua vikaangwe na mlezi. Kaya ikifikiriwa kwa mpango wa TASAF, majina hupitia mkutano wa mtaa. Basi mtu ahudhurie awataje, kwa maana watoto hawataitwa.

Kila mwezi mtu mmoja, anayejulikana kwa jina, atazame daftari ya shule, uzito wa mdogo na hesabu ya kodi. Msichana akianza tena kukosa shule siku za Jumatatu, ijulikane kwamba mzigo wa nyumba umemrudia, na mlezi aulizwe siku hiyo hiyo.