Bili ya wakili haiongezi thamani ya kinu

Februari 2010, Kraft Foods ya Marekani iliichukua Cadbury ya Uingereza, kampuni ambayo wengi Afrika Mashariki waliijua kwa kopo la chokoleti ya kunywa iliyotengenezwa Nairobi. Bei ilifika dola bilioni 18.5, na waandishi wa habari za biashara walihangaika nayo kwa miezi. Ndani ya taarifa ya mwaka ya Kraft, mbali na vichwa vya habari, kulikuwa na sentensi fupi iliyosema kwamba ada zilizohusiana na ununuzi huo zilikuwa dola milioni 218 mwaka 2010, juu ya dola milioni 40 za mwaka 2009.

Fedha hizo hazikumfikia mwenye hisa yeyote wa Cadbury. Zilikuwa ujira wa mawakili, mabenki ya ushauri na wataalamu wengine waliofanikisha mpango. Kraft haikuzijumlisha kwenye bei ya Cadbury. Iliziweka kwenye matumizi ya masoko, utawala na utafiti, fungu lile lile lenye mishahara ya ofisini na matangazo, zikaipunguza faida ya mwaka ule ule.

Kama mpango ungefungwa miaka michache nyuma, zote milioni 258 zingeingia kimya kimya kwenye gharama ya kununua na faida isingeguswa. Hivyo ndivyo wahasibu walivyofanya kwa muda mrefu. Mabadiliko yalikuja karibu wakati mmoja pande mbili za Atlantiki: Marekani ilitoa kanuni yake mpya Desemba 2007, na Januari 2008 bodi ya viwango vya kimataifa iliyoko London ikatoa toleo jipya la IFRS 3, kiwango kinachohusu kununua biashara. Kenya na Tanzania, ambazo kampuni zao kubwa hutumia viwango hivyo vya kimataifa, ziliingia kwenye utaratibu huo pamoja na wengine.

Ili kuona kanuni inafanya nini hasa, tuchukue mfano wa kubuni ulio karibu na nyumbani. Kampuni ya unga ya Dar es Salaam inanunua kampuni nyingine yenye kinu cha kusaga mahindi Morogoro: mashine, maghala, wafanyakazi, wateja na jina la mfuko. Bei ni shilingi bilioni 6. Wathamini wanapima kila kitu kinachoweza kutajwa, wanaondoa madeni, wanabaki na bilioni 4.8. Ile bilioni 1.2 iliyozidi ndiyo wahasibu huiita gudwili, yaani kile anachokilipia mnunuzi kwa sababu biashara tayari inatembea na watu wameizoea.

Mpaka hapo anayelipwa ni muuzaji peke yake. Sasa zinaanza kuingia bili nyingine. Wakili aliyeandika mkataba anadai milioni 90. Wahasibu waliokaa wiki tano Morogoro wakipekua leja, madeni ya kodi na hesabu ya magunia ghalani wanadai milioni 120. Mthamini milioni 40. Dalali aliyewakutanisha mnunuzi na muuzaji, ambaye hulipwa tu mkono ukishapeanwa, milioni 150. Jumla milioni 400.

Kwa utaratibu wa zamani kampuni ingeandika kwamba kinu kimeigharimu bilioni 6.4, na gudwili ingevimba hadi bilioni 1.6. Hapo ndipo ulipokuwa utamu wake kwa wakurugenzi. Chini ya viwango kamili vya kimataifa gudwili haipunguzwi kidogo kidogo kila mwaka. Hupimwa tu, angalau mara moja kwa mwaka, kuona kama imeshuka thamani. Bili ya wakili ingeweza kukaa kwenye mizania miaka na miaka ikiitwa mali, na wakili mwenyewe amekwisha kustaafu.

Kwa utaratibu wa sasa gudwili inabaki bilioni 1.2, na zile milioni 400 zinaingia kwenye matumizi. Kama kampuni ingepata faida ya milioni 900 mwaka huo, inaonyesha milioni 500. Mwenye hisa asiyesoma maelezo ya nyuma ya hesabu atadhani unga haukuuzika.

Hoja ya bodi ilikuwa nyepesi kuliko lugha yake. Kununua biashara ni makubaliano kati ya anayenunua na anayeuza. Kazi ya wakili ni makubaliano mengine, na mtu mwingine, na huduma yake ikishatolewa imetumika. Baada ya mkataba kusainiwa, kinu cha Morogoro hakisagi gunia hata moja zaidi kwa sababu wakili alitoza milioni 90 badala ya 60. Anayekuja kukinunua kesho hatauliza aliyetangulia alilipa wakili kiasi gani.

Hoja hiyo ina kasoro, na inafaa isemwe. Kampuni hiyo hiyo ikinunua kiwanja kitupu kando ya kinu, ada ya wakili na ushuru wa stempu vinajumlishwa kwenye gharama ya kiwanja bila ubishi. Kazi ya wakili ni ile ile, pengine na kalamu ni ile ile. Tofauti pekee ni kwamba kiwanja ni mali, na kinu chenye watu na wateja ni biashara. Ndiyo maana swali la kama kilichonunuliwa ni biashara au ni mali tu huleta mabishano marefu kati ya wahasibu na wakaguzi. Tangu 2020 kuna njia ya mkato inayoruhusiwa: ikiwa karibu thamani yote ya kilichonunuliwa imo kwenye kitu kimoja, kwa mfano jengo moja, mnunuzi anaweza kuamua kwamba hiyo si biashara. Hapo ada zinarudi kwenye gharama ya mali.

Si kila bili iliyolipwa wakati wa kununua huenda njia moja. Tuseme nusu ya bei, bilioni 3, ilikopwa benki, na benki ikatoza milioni 60 za kuandaa mkopo. Hiyo ni gharama ya kukopa. Mkopo unaanza kwenye vitabu ukiwa bilioni 2.94, na ile tofauti inaingia kama riba kidogo kidogo hadi deni liishe. Ada za kutoa hisa mpya nazo zina mahali pake: hupunguza mtaji uliopatikana kwa hisa hizo. Ugumu huja pale wakili mmoja anapoandika mkataba wa ununuzi, mkataba wa mkopo na waraka wa hisa, kisha analeta ankara yenye mstari mmoja: "Huduma za kisheria." Mhasibu mwerevu huirudisha na kuomba mchanganuo wa saa kabla mwaka haujafungwa, kwa sababu baada ya miezi sita hata wakili hakumbuki.

Kuna mtego wa kalenda pia. Wapekuzi walikwenda Morogoro Oktoba, mkataba ukasainiwa Machi, na mwaka wa hesabu wa kampuni huisha Desemba. Wengi huziweka ada za Oktoba pembeni, kwenye fungu la malipo ya kabla, zisubiri kuona kama mpango utafika. Kanuni hairuhusu kusubiri. Huduma iliyopokelewa mwaka huu ni matumizi ya mwaka huu, mkataba ufike au ufe. Zile milioni 40 za Kraft za mwaka 2009 ziliandikwa namna hiyo, kabla haijawa mmiliki wa Cadbury.

Mtego wa pili unahitaji ujanja. Mnunuzi asiyetaka faida yake ipungue anamnong'oneza muuzaji: "Mlipe wewe wakili wangu, mimi nitakuongezea milioni 90 kwenye bei." Kwenye karatasi bei inakuwa bilioni 6.09, gudwili inapanda, na bili ya wakili inatoweka. Waandishi wa IFRS 3 waliliona hilo mapema. Kiwango kinataka kiasi ambacho mnunuzi amemrudishia muuzaji kwa kulipa gharama za mnunuzi kitenganishwe na bei na kiandikwe kama matumizi. Mkaguzi hulinganisha bei ya makubaliano ya awali na ile ya mkataba wa mwisho, halafu hutafuta barua ya kumwajiri wakili. Barua ikiwa imesainiwa na mnunuzi wakati ankara imeandikwa jina la muuzaji, maswali huanza hapo.

Kosa linaloonekana mara nyingi zaidi halina hila yoyote. Kampuni mama hutunza vitabu vyake yenyewe, na pia hutengeneza hesabu za kundi zima zikijumlisha kampuni tanzu. Katika vitabu vyake yenyewe, ikiwa inaandika uwekezaji kwa gharama, ada huingia kwenye gharama ya hisa ilizonunua: bilioni 6.4, na hiyo ni sahihi. Katika hesabu za kundi, zile milioni 400 lazima zitolewe na kupelekwa kwenye matumizi. Anayesahau hatua hiyo hupata gudwili ya bilioni 1.6 pasipo kukusudia. Dalili yake ni rahisi kuiona: gudwili iliyozidi tofauti kati ya bei na mali halisi kwa kiasi kinacholingana na ankara.

Mwekezaji wa kawaida anaweza kuzifuata fedha hizi bila shahada ya uhasibu. Kiwango kinailazimu kampuni kutaja, kwenye maelezo kuhusu ununuzi, ada zilikuwa kiasi gani na zimewekwa mstari upi wa matumizi. Katika mtiririko wa fedha huonekana kwenye shughuli za kila siku badala ya uwekezaji, kwa kuwa hazikuzaa mali inayoandikwa kwenye mizania. Ndiyo maana mwaka wa kununua mara nyingi huonekana mbaya pande zote mbili, na wakurugenzi hupenda kutoa hesabu ya pembeni ya "faida kabla ya gharama za ununuzi". Hesabu hiyo inasaidia kwa kampuni iliyonunua mara moja. Kwa kampuni inayonunua nyingine kila mwaka, ada hizo ni gharama zake za kawaida kama dizeli ya malori, na kuziondoa ni kujipamba.

Kampuni ndogo na za kati zina kitabu chao chembamba zaidi cha viwango, na humo utaratibu wa zamani umeendelea kuishi. Toleo la 2015 huruhusu ada za moja kwa moja kujumlishwa kwenye gharama ya ununuzi, ingawa gudwili nayo hupunguzwa kila mwaka. Februari 2025 bodi ilitoa toleo la tatu linalozipeleka ada kwenye matumizi, kwa miaka ya hesabu inayoanza 1 Januari 2027 au baadaye. Kampuni ya familia inayotumia toleo la 2015 na kufunga mwaka Desemba, ikikamilisha ununuzi wa kinu Novemba 2026, itaijumlisha bili ya wakili kwenye gharama ya kinu. Ikichelewa hadi Februari, bili hiyo hiyo itakatwa kwenye faida ya 2027.