Nembo Yenye Ukungu Huchorwa Upya

Ushirika wa wakulima wa kahawa unataka bango la mita 3, na nembo mpya ikae mahali pa ile ya zamani. Katibu anaituma kwa WhatsApp: kipicha chenye upana wa pikseli 180. Kwenye bango nembo itachukua sentimita 60, kwa hiyo kila pikseli itakuwa mraba wa zaidi ya milimita 3. Hata anayepita na bodaboda ataziona ngazi kwenye ukingo wa duara.

Kabla ya kuchora, mwombe katibu barua yoyote ya ofisi iliyo katika PDF. Mara nyingi nembo ya vekta imelala humo. Ifungue kwa Inkscape uikuze sana. Kingo zikibaki kali, umeokoa nusu siku ya kazi.

Ikikosekana, wengi hukimbilia Trace Bitmap. Mimi siishauri kwa picha ndogo namna hii. Programu haijui kuwa lile ni duara, inafuata tu mpaka wa rangi, na ukungu wote inauchukua. Bonyeza N uone: duara ambalo lingetosha kwa nukta 4 limejaa nukta kila upande, na pembe za herufi zimeviringika.

Badala yake, weka picha kwenye tabaka la chini, ififishe hadi nusu, kisha ifunge isisogee. Nembo hii ina pete, jani na herufi tatu. Pete ni duara mbili zenye kitovu kimoja, ya ndani ikiwa imekatwa kwa Difference. Jani lichore kwa kalamu ya Bezier, ukiweka nukta kwenye ncha na pale tu mkunjo unapobadilika. Herufi usizifuatishe. Tafuta fonti yake kwa kulinganisha mguu wa R au mdomo wa G, andika, halafu zigeuze kwa Object to Path ili mchapaji asiyekuwa na fonti hiyo asizivuruge.

Rangi ichukue katikati ya eneo pana, kwa sababu pikseli za ukingoni zimechanganyika na nyeupe. Mishipa ya jani ndiyo shida kubwa: kwenye pikseli 180 imeshapotea, na kuibuni si haki yako. Omba picha ya kibao cha ofisini, kisha katibu aidhinishe mchoro kabla ya kuchapa.

Wakati wa kubadilisha, pima alama yenyewe. Picha ya zamani ilikuwa na ukingo mweupe, hivyo ukijaza boksi lake lote nembo mpya itaonekana imevimba. Shikilia Ctrl unapoikuza ili isivutike upande mmoja. Mwisho, weka mstatili wa kijani nyuma yake: tundu la pete likionekana jeupe, bado kuna umbo jeupe limejificha, na litatokea vivyo hivyo kwenye bango.