Mafua yanaposhuka kifuani

Kuanzia Juni hadi Agosti, baridi ya Njombe, Makete na Mafinga huingia hadi vyumbani, na jiko la mkaa huifuata huko huko. Ndio msimu wa mafua. Kwa wengi, mafua ni usumbufu wa wiki moja: pua inatiririka, koo linawasha, kichwa kinauma, kisha yanaisha. Kwa mwenye mkamba sugu au emfisema, mafua hayo hayo yanaweza kumlaza wodini, na akitoka asirudi kwenye nguvu alizokuwa nazo.

Magonjwa haya mawili mara nyingi hukaa kwa mtu mmoja, na kwenye kadi ya kliniki huandikwa pamoja kwa herufi nne, COPD. Mkamba sugu ni kukohoa na kutoa makohozi kwa angalau miezi 3 kila mwaka, kwa miaka 2 mfululizo. Katika emfisema, kuta za vifuko vidogo vya hewa zimebomoka, na mapafu yamepoteza ule mnyumbuko unaoyasaidia kusukuma hewa nje. Sigara ndiyo chanzo kinachojulikana zaidi, lakini wamo pia kina mama ambao hawajawahi kuvuta hata moja: walipikia kuni tangu usichana. Wamo waliofanya kazi kwenye vumbi miaka mingi, na waliopona kifua kikuu ambacho kiliacha makovu.

Pumzi isiyotoka

Virusi vya mafua vinapofika kwenye njia za hewa, ukuta wa ndani huvimba na ute huongezeka. Mwenye mapafu mazima ana nafasi ya kutosha, hivyo hukohoa tu. Mwenye mkamba sugu njia zake zilishakuwa nyembamba, na uvimbe kidogo tu unazikaba.

Wagonjwa wengi husema, “Hewa haiingii.” Ukweli ni kwamba shida kubwa iko kwenye kutoka. Kabla pumzi ya kwanza haijaisha kutoka, mwili unavuta ya pili, na hewa inazidi kurundikana kifuani hadi nafasi ya hewa mpya inakosekana. Mgonjwa akipata hofu huhema harakaharaka, na kadiri anavyohema haraka ndivyo hewa inavyozidi kunaswa. Ndiyo maana wauguzi humwambia akae, ainame mbele kidogo, aegemeze mikono mezani au magotini, avute hewa taratibu kwa pua, kisha aitoe kwa midomo iliyobanwa kama anayepoza chai, akitumia muda mara mbili ya ule wa kuvuta.

Mambo matatu ya kupima

Mwaka 1987, daktari Nicholas Anthonisen na wenzake wa Winnipeg, Kanada, walichapisha utafiti ambao hadi leo unaongoza matibabu ya ugonjwa huu unapochachamaa. Waliangalia mambo matatu: pumzi imekuwa ngumu kuliko kawaida, makohozi yameongezeka, na makohozi yamebadilika rangi kuwa ya njano iliyokolea au kijani. Dawa za antibaiotiki ziliwasaidia zaidi waliokuwa na yote matatu. Waliokuwa na moja tu hazikuwaongezea kitu cha maana.

Neno la kushika hapo ni “kuliko kawaida.” Mgonjwa wa kifua sugu hukohoa kila siku, kwa hiyo kikohozi peke yake hakisemi lolote. Lazima mwenyewe na wa nyumbani wajue siku njema inafananaje, ndipo watambue siku mbaya inapoanza.

Tuchukue mfano wa bibi wa miaka 64 anayeishi Makete. Siku zake za kawaida, kila asubuhi hukohoa na kutoa makohozi meupe yanayojaa kijiko kimoja. Huenda bombani akipumzika mara moja njiani. Hutumia inhela ya salbutamoli mara moja au mbili kwa siku, na hulala na mto mmoja.

Jumatatu anaamka na mafua aliyoletewa na mjukuu kutoka shuleni. Pua inatiririka, koo linauma, lakini kifua kiko vile vile. Siku hii hahitaji antibaiotiki. Anahitaji parasetamoli kwa maumivu, maji ya kunywa, na kuendelea na dawa zake za kila siku bila kuruka. Jiko la mkaa litoke chumbani, na mwingine apike. Anahitaji pia mtu wa kumwangalia kwa karibu, kwa sababu mafua huchukua siku chache kushuka kifuani.

Kama ugonjwa ungeanza kwa kishindo, yaani homa kali ya ghafla na mwili wote kuuma, mambo yangekuwa tofauti. Hiyo huenda ni influenza, ambayo ina dawa yake, oseltamivir, na hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 48. Hapo asingesubiri siku ya pili.

Jumatano mjukuu anamkuta ameketi kitandani alfajiri. “Bibi, mbona umelala umekaa?” “Nikijinyoosha pumzi inanikimbia, mjukuu wangu.” Bombani hafiki tena. Makohozi yamejaza nusu kikombe, bado meupe, lakini mazito. Inhela ameivuta mara tano tangu jana. Hizo tayari ni dalili mbili kati ya tatu, na siku hiyo hiyo anapaswa kupiga simu kwa mhudumu wake au kwenda kituo cha afya.

Wakati akijiandaa, atumie inhela ipasavyo. Ukiibonyeza moja kwa moja mdomoni huku unahema, dawa nyingi huishia kooni. Chupa tupu ya maji ya nusu lita inasaidia: toboa tundu kitakoni linaloubana mdomo wa inhela, zungushia plasta hewa isivuje, kisha weka midomo kwenye shingo ya chupa. Tikisa inhela, bonyeza mara moja tu, vuta na toa pumzi taratibu mara nne, ndipo ubonyeze tena. Watafiti wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa kama hiyo iliwasaidia watoto wenye pumu sawasawa na kifaa cha dukani. Kwa mtu mzima kifua kinapochachamaa, mibonyezo 4 hadi 8 kila baada ya saa 3 au 4 ni kipimo kinachokubalika. Mikono ikitetemeka kidogo na moyo ukienda mbio, ni dawa hiyo. Lakini nafuu isipodumu saa 3, nyumbani si mahali pa kuendelea kukaa.

Alhamisi makohozi yamegeuka kijani. Sasa dalili zote tatu zimetimia.

Kituo cha afya

Pale, mganga atamsikiliza kifua, atapima oksijeni kidoleni na atatafuta dalili za nimonia. Kwa kawaida ataandika pridinisoloni miligramu 40 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 5 asubuhi baada ya kula, kwa siku 5. Siku 5 zinatosha: utafiti wa Uswisi uliochapishwa mwaka 2013 ulilinganisha siku 5 na siku 14 na kukuta matokeo hayapishani. Mwenye kisukari amwambie mganga mapema, kwa kuwa dawa hii hupandisha sukari. Kwa sababu rangi imebadilika, ataongezewa antibaiotiki kama amoksilini au doksisaiklini kwa siku 5 hadi 7. Kikohozi kikiwa kimevuka wiki 2, au kuna damu, kukonda na jasho la usiku, makohozi yapimwe pia kifua kikuu.

Akihitaji oksijeni, lengo ni asilimia 88 hadi 92. Ndugu wakiona mashine inasoma 90 hudhani mgonjwa amesahauliwa, nao huomba mtungi ufunguliwe zaidi. Kwa wagonjwa hawa oksijeni nyingi inaweza kurundika kaboni dayoksaidi kwenye damu na kuwalaza usingizi usio wa kawaida. Utafiti wa Tasmania wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa waliopewa oksijeni kwa kipimo walikufa wachache kuliko waliofunguliwa kwa wingi.

Baada ya matibabu, asitegemee kupona kwa wiki moja. Wagonjwa waliofuatiliwa London walionyesha kwamba baada ya siku 35, katika kama robo ya vipindi vya kuchachamaa upumuaji ulikuwa bado haujarudi kwenye kiwango chake cha awali.

Yanayozidisha tatizo

La kwanza ni kununua vidonge vichache vya amoksilini duka la dawa mara pua inapotiririka. Haviui virusi, na vinawafundisha bakteria ukaidi. La pili ni dawa za kikohozi zenye kodeini, na vidonge vya usingizi: hivi hupunguza msukumo wa kupumua na kuzuia makohozi yasitoke, kwa mtu ambaye kukohoa ndiko kunamwokoa. La tatu ni nyungu. Kumfunika blanketi mtu anayehema kwa shida juu ya sufuria ya maji yanayochemka ni kumtafutia kuungua na kumzidishia kukosa hewa. Moshi wa ubani na udi nao humbana. La nne ni kuendelea na pridinisoloni kwa wiki nyingi kwa sababu “inanipa nguvu.” Matumizi marefu hudhoofisha mifupa na kuamsha sukari.

Usisubiri asubuhi

Kuna dalili ambazo hazingoji simu wala mashauri ya ukoo. Mgonjwa hawezi kumaliza sentensi fupi bila kukata pumzi. Ulimi au ndani ya midomo kumegeuka buluu au kijivu. Kwa ngozi nyeusi angalia hapo, si usoni. Amechanganyikiwa, au anasinzia mchana na haamki vizuri. Kifua kinauma vikali, au anakohoa damu. Yeyote mwenye moja ya hizo apelekwe hospitali usiku huo huo, akiwa ameketi, si amelazwa.

Kifaa cha kidoleni nacho kisiaminiwe kupita kiasi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 ulikuta kwamba kwa watu weusi kifaa hiki hukosa kuonyesha upungufu wa oksijeni mara nyingi zaidi kuliko kwa weupe. Kikisoma 93 na mgonjwa anahangaika, amini mgonjwa.

Chanjo ya influenza ya kila mwaka, inapopatikana, na ile ya nimonia hupunguza hatari. Lakini kuna kinga isiyogharimu chochote ambayo kila nyumba yenye mgonjwa inaweza kuianza wiki hii, kabla baridi haijashika. Nyuma ya kadi yake ya kliniki, andika mambo manne ya siku yake ya kawaida: anatembea hadi wapi bila kupumzika, anatoa makohozi kiasi gani na ya rangi gani, anatumia inhela mara ngapi, na analala na mito mingapi. Chini yake andika namba ya simu ya mhudumu na ya dereva wa kumpeleka kituoni usiku. Mambo mawili yakibadilika kwa siku moja, piga simu siku hiyo hiyo, hata kama mgonjwa mwenyewe anasema ni mafua tu.