Umbali Uliojificha Chini ya Mstari

Swali hili huwasumbua wanafunzi wengi wa fizikia: basi linaondoka kituoni na kasi yake inapanda sawasawa hadi mita 12 kwa sekunde baada ya sekunde 8. Linashikilia kasi hiyo kwa sekunde 20, kisha linafunga breki na kusimama ndani ya sekunde 6. Limekwenda umbali gani?

Ukichora grafu, wakati kwenye mhimili mlalo na kasi kwenye mhimili wima, unapata mstari unaopanda, ukalala, kisha ukashuka. Hapo katikati ndipo wengi hupotea. Wakiona mstari umelala wanasema basi limesimama, kumbe ndipo linapokimbia kuliko wakati mwingine wote. Basi lililosimama mstari wake uko chini kabisa, kwenye sifuri.

Tuanze na kipande hicho cha katikati, maana hakina utata. Mita 12 kila sekunde, kwa sekunde 20, ni mita 240. Lakini 12 ni kimo cha mstatili ulio chini ya mstari na 20 ni upana wake, kwa hiyo tulichokokotoa ni eneo la mstatili huo. Tumezidisha mita kwa sekunde mara sekunde, zikabaki mita.

Kipande cha kwanza kinahitaji uangalifu zaidi. Kasi ilianzia sifuri ikaishia 12, na kwa kuwa imepanda sawasawa, wastani wake ni 6. Mara sekunde 8, basi limekwenda mita 48. Eneo la pembetatu, yaani nusu ya kitako mara kimo, linatoa 48 hiyo hiyo: ile nusu ya kanuni ndiyo wastani wa kasi. Nicole Oresme, msomi wa Ufaransa wa karne ya 14, alilionyesha jambo hili kwa mchoro kabla hata ya Galileo kuzaliwa. Kipande cha breki nacho ni nusu ya 6 mara 12, yaani mita 36.

Jumla ni mita 324.

Kosa ninaloliona zaidi ni kuzidisha 12 kwa sekunde zote 34 na kupata 408. Jibu hilo lingekuwa sahihi kama basi lingeondoka kituoni tayari lina kasi ya 12 na kuishikilia mpaka mwisho. Njia ya kulinasa ni kugawa jibu lako kwa muda wote: 324 kwa 34 ni kama 9.5, chini ya kasi ya juu kabisa, kama inavyopasa. Ukipata 12 kamili, umesahau pembetatu.

Kagua pia vipimo vya mihimili. Kasi ikiwa katika kilomita kwa saa na wakati katika sekunde, eneo halitakupa mita. Gawa kwanza kila kasi kwa 3.6, ndipo uanze kuzidisha.