Kuomba kazi ya kuandika prompti za video: barua inapaswa kuonyesha nini?

Studio ndogo za matangazo zinaanza kutafuta vijana wa kuandika prompti, ni kusema yale maelezo yanayopewa akili bandia ili itengeneze video. Wengi wanaandika barua sawa vile wanaombea kazi ya ofisi: « Nina heshima kubwa ya kuja mbele ya ukubwa wenu… », kisha wanapanga vyeti. Heshima haiko kosa. Lakini mkubwa wa studio anatafuta kitu kingine: huyu mutu akipata video mbaya, anajua kuitengeneza?

Tuchukue mfano wa kijana wa Bukavu ambaye hajapata kazi hata siku moja. Anafanya zoezi nyumbani: tangazo la kahawa la sekunde 5. Prompti yake ya kwanza inasema: « Mwanamke anauza kahawa Bukavu. » Video inayotoka iko na soko lisilofanana na la kwetu, na kibao chenye herufi zisizosomeka.

Anaandika upya: « Picha ya karibu. Mikono ya mwanamke inamimina kahawa ndani ya kikombe cheupe kisicho na maandishi, juu ya meza ya mbao. Mwanga wa asubuhi unatoka dirishani, upande wa kushoto. Kamera inasogea mbele polepole. Picha ya wima, 9:16. » Hiyo 9:16 ni kipimo cha video ya wima ya simu.

Sasa mahali ni pazuri, lakini kikombe kinabadilika umbo. Vitu viwili vinatembea pamoja, mikono na kamera, na akili bandia inachanganyikiwa. Anabadilisha sentensi moja tu: « Kamera imesimama. » Jaribio la 4, kikombe kinabaki kikombe.

Hayo ndiyo ya kuweka katikati ya barua, kwa mistari michache: « Sijafanya kazi na mteja bado. Nilifanya zoezi la tangazo la kahawa. Kikombe kiliharibika kwa sababu kamera na mikono vilitembea pamoja. Nilisimamisha kamera, nikapata video nzuri kwa jaribio la 4. Jina la kahawa ningeliongeza nyuma, wakati wa kukata video, juu akili bandia inakosea herufi mara mingi. »

Hesabu ya majaribio ina maana, juu mara mingi studio inalipia kila jaribio, hata lililoharibika. Na kusema wazi kwamba ni zoezi kunamlinda mwombaji: akidanganya kwamba alikuwa na mteja, swali moja tu kwenye mazungumzo litamuumbua.

Mwisho wa barua, aweke prompti nzima na kiungo cha video. Mbele ya kutuma, akifungue kwenye simu ya mutu mwingine. Kikiomba ruhusa, mkubwa wa studio naye hataona kitu.