Dagaa Wanapopanda Bei: Kurekebisha Chakula cha Kuku wa Mayai

Mfugaji wa Ng'ambo, mjini Tabora, huwategemea dagaa wanaoletwa kutoka Kigoma kwa reli au barabara. Bei inapopanda huwapunguza, na hapo hesabu ya mchanganyiko huharibika.

Tuchukue kilo 100 za chakula cha kuku wanaotaga: mahindi yaliyoparazwa 50, pumba za mahindi 11, mashudu ya alizeti 18, dagaa 12, chokaa ya mifugo 8.5, na nusu kilo ya chumvi pamoja na mchanganyiko wa vitamini na madini. Kwa makadirio ya kawaida mahindi yana protini asilimia 9, pumba 10, mashudu 28, dagaa 55. Zidisha kila kilo kwa kiwango chake, kisha ujumlishe: 4.5, 1.1, 5.04 na 6.6. Jumla ni kama 17.2, ilhali lengo letu ni 16.5.

Sasa dagaa wapunguzwe hadi kilo 9. Wengi hujaza pengo kwa pumba kilo 3. Mizani itasoma 100 tena, lakini protini imeshuka hadi 15.9. Kutimia kwa mia hakuthibitishi kwamba kuku atashiba alichokihitaji.

Dawa yake ni kubadilishana, si kuongeza. Kila kilo moja ya pumba inayotolewa na kuwekwa mashudu huongeza protini kwa 0.18, yaani tofauti ya 28 na 10 ikigawanywa kwa mia. Tumepungukiwa 0.6, nayo ukiigawa kwa 0.18 unapata takriban kilo 3.3, tuseme 3.5. Basi pumba ziwe 10.5 na mashudu 21.5. Jumla ni 100, na protini 16.5. Mashudu yasizidishwe sana kupita hapo, kwa sababu yale yenye maganda yana nyuzi nyingi ambazo kuku hazimeng'enyi vizuri.

Kosa jingine ni kumwaga pumba kilo 10 juu ya mchanganyiko uliokwisha kutimia. Uzito unakuwa 110, na chokaa iliyokuwa 8.5 kwa mia inakuwa 7.7. Dalili yake haionekani siku hiyo: baadaye maganda ya mayai huwa membamba na mayai hupasuka mikononi. Kwa hiyo chokaa, chumvi na vitamini vipimwe kwanza, kisha visiguswe. Marekebisho yafanywe katika mahindi, pumba, mashudu na dagaa pekee.

Hesabu hii haina thamani ikiwa dagaa wamechanganyika na mchanga, kama hutokea wanapoanikwa chini. Tia konzi moja ya dagaa waliosagwa katika glasi ya maji, ukoroge: mchanga hutua chini mara moja. Ikiwa sehemu moja kati ya tano ni mchanga, kilo 9 ulizolipia zinakupa protini 4 badala ya 5, na mchanganyiko wako umerudi 15.5. Mrudishie muuzaji, au umlipe kwa uzito wa dagaa peke yao.